Excel: maelezo yanakatika kwenye seli zilizounganishwa

Hapa Kigoma fomu nyingi za vikundi huja na nafasi ya maelezo iliyotengenezwa kwa kuunganisha seli. Chukua ripoti ya kikundi cha wakaushaji dagaa wa Kibirizi: maelezo yako C7 hadi F7, na Wrap Text imewashwa. Katibu anaandika sentensi tatu kuhusu mvua iliyoharibu dagaa kwenye vichanja, lakini unaonekana mstari mmoja tu. Ukibofya seli, maneno yote yapo kwenye upau wa fomula. Hakuna kilichopotea, ila kimo cha mstari wa 7 hakijaongezeka.

Sababu ni kwamba Excel inapopima kimo cha mstari huzipuuza seli zilizounganishwa. Ndiyo maana hata AutoFit Row Height haisaidii. Kama fomu ni yako, usiunganishe kabisa. Panua safu C peke yake. Ila fomu ya kupewa huwezi kuivunja, kwa hiyo tuipe Excel seli moja ya kupimia.

1. Angalia upana wa C, D, E na F. Tuseme kila moja ni 12, jumla 48.

2. Nenda safu tupu iliyo nje ya fomu, mfano J, uipe upana wa 46. Nimepunguza kidogo makusudi: kwenye karatasi maneno huweza kukunjwa tofauti na kwenye skrini, na mstari wa mwisho ukamezwa. Safu nyembamba kidogo huacha nafasi ya akiba.

3. Kwenye J7 andika:

```
=C7&""
```

Hiyo `&""` inazuia sifuri isitokee pale C7 ikiwa tupu.

4. Ipe J7 fonti na ukubwa uleule wa C7, kisha washa Wrap Text. Hapa ndipo wengi hukwama: C7 ikiwa na herufi za 12 na J7 za 11, kipimo kitakuwa pungufu na maneno yataendelea kukatika.

5. Bofya mara mbili mpaka wa chini wa namba 7, pembeni kushoto. Mstari utapanuka na maelezo yote yataonekana.

6. Geuza maandishi ya J yawe meupe. Usiifiche safu yenyewe, maana kipimo kitaharibika. Chagua eneo la fomu, kisha Page Layout, Print Area, Set Print Area, ili J isichapishwe.

Maelezo yakibadilika, rudia hatua ya 5, kwa sababu jibu la fomula likibadilika kimo hakijirekebishi chenyewe. Njia hii haifai kwa seli zilizounganishwa kwenda chini, kama C7 hadi F8. Pia kimo cha mstari hakivuki pointi 409. Maelezo yakizidi hapo, yagawe kwenye mistari miwili ya fomu.