Nta, mafuta au spreyi: kulikinga buti la ngozi na theluji

Kabla hujanunua kopo lolote, dondosha tone la maji ubavuni mwa buti. Likikaa juu kama shanga, kinga bado ipo. Likitawanyika na kuacha doa jeusi, ngozi inakunywa maji. Kisha papasa pale buti linapojikunja juu ya vidole: kukiwa kukavu na kuna mistari myembamba ya nyufa, ngozi imeishiwa mafuta pia, na hiyo ni shida nyingine.

Mafuta huzama ndani na kuilainisha ngozi, lakini hayazuii maji kwa muda mrefu. Nta hubaki juu ikiziba vitundu na mishono, ndiyo maana kwa ngozi laini isiyo na manyoya mimi huitegemea hiyo. Spreyi huacha utando mwepesi unaoiruhusu ngozi kupumua ila huisha upesi. Buti la swedi, yaani ngozi yenye manyoya mafupi, lipulizie spreyi tu, nje ya nyumba, maana mvuke wake si mzuri kwa mapafu. Nta ikiingia kwenye swedi hulaza manyoya yake na kuacha doa lisilotoka.

Majira yangu ya kwanza ya baridi nililipaka mafuta buti langu la kahawia usiku tatu mfululizo, nikidhani mengi ndiyo kinga. Liligeuka karibu jeusi, likalegea kifundoni hadi likaacha kuushika mguu, na maji yakaendelea kupita kwenye mshono wa soli. Rangi ile haikurudi tena.

Sasa nafanya hivi. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huacha mstari mweupe, nayo huikausha ngozi, kwa hiyo naitoa kwanza. Nachanganya siki nyeupe na maji kiasi sawa, nafuta kwa kitambaa, kisha narudia kwa maji matupu. Navua kamba, najaza karatasi za gazeti ndani na kuzibadilisha zinapolowa, buti likauke mbali na hita. Ngozi iliyolowa ikipata joto kali husinyaa na kupasuka, na hakuna mafuta yanayoirudisha.

Likikauka kabisa, kwa kawaida siku ya pili, napaka mafuta kiasi cha punje ya harage kwa kila buti, na pale tu ngozi ilipoishiwa mafuta. Naliacha hadi asubuhi. Ndipo nachukua nta kwa kidole, joto la mkono liilainishe, naisugua tabaka jembamba, nikirudia mara mbili kwenye mshono wa soli na pale ulimi unaposhonwa. Baada ya nusu saa napiga brashi. Ikibaki kunata, nimezidisha, na vumbi litaganda. Naifuta kwa kitambaa kikavu.

Kama buti lako lina utando wa ndani wa kuzuia maji, achana na mafuta mazito. Ngozi ya nje ikijaa mafuta, jasho hukosa njia, soksi zinalowa, nawe unadhani buti linavuja.