Somo: Kuujaribu mtihani kwa kikundi kidogo na kuyasoma majibu ili kubaini maswali mabovu

Walimu wenzangu, wengi mliniomba nieleze nilivyoujaribu mtihani wangu wa Kiswahili wa Gredi ya 6 kabla ya kuutumia muhula huu. Ulikuwa na maswali 20 ya kuchagua, kila moja na majibu manne, A hadi D. Nitaeleza hatua kwa hatua, ila nitakaa zaidi kwenye maswali matatu kwa sababu ndiyo yaliyonifunza.

Hatua ya 1: Tafuta watoto wanaofanana na wako, lakini wasiwe wako. Nilienda shule jirani hapa Eastlands nikaomba wanafunzi 36. Mwalimu wao alitaka kunipa wanaofanya vizuri, kwa wema tu, nami nikamwomba tuhesabu rejista ya mikondo yote na kuchukua kila mwanafunzi wa tatu. Ukipewa wakali peke yao, kila swali litaonekana rahisi na hutajua lolote. Tulikubaliana pia kwamba zoezi lingeingia kwenye marudio yao na wangerudishiwa karatasi, ili wajibu kwa bidii.

Wakati wa kusimamia nilikuwa na daftari. Mtoto akiinua mkono kuuliza, "Mwalimu, hapa wanataka nini?" niliandika namba ya swali.

Hatua ya 2: Andika herufi aliyochagua kila mwanafunzi. Wengi wetu huandika alama ya vema au kosa tu, na hapo habari yote hupotea. Mimi niliingiza herufi kwenye Excel: wanafunzi safu ya 2 hadi ya 37, maswali safu wima B hadi U, majibu sahihi safu ya 40. Aliyeacha wazi nilimwekea X. Jumla ya alama ikakaa V:

```
=SUMPRODUCT(--(B2:U2=B$40:U$40))
```

Hatua ya 3: Panga kuanzia alama ya juu hadi ya chini, kisha linganisha. Panga safu za wanafunzi pekee. Ile ya majibu sahihi isiguswe. Kwa makundi makubwa watu hutumia asilimia 27 ya juu na ya chini, kanuni iliyotolewa na Kelley mwaka 1939. Kwa watoto 36 nilichukua theluthi: 12 wa juu na 12 wa chini. Halafu kwa kila swali nikatafuta mambo mawili. Kwanza, ni sehemu gani ya wote 36 waliopata. Pili, waliopata kundi la juu ukitoa waliopata kundi la chini, ugawe kwa 12. Hii ya pili ndiyo nguvu ya swali ya kutenganisha anayejua na asiyejua. Kwa swali la 7, ambalo jibu lake ni A:

```
=(COUNTIF(H2:H13,"A")-COUNTIF(H26:H37,"A"))/12
```

Ikifika 0.30 au zaidi, swali linafanya kazi. Ikikaribia sifuri, lisome upya. Ikiwa hasi, wanyonge wanalipata kuliko wanaojua, na hapo kuna jambo.

Hatua ya 4: Anza na swali lenye hasi kubwa. Kwangu lilikuwa la 12, wingi wa "Uzi umekatika." Lilitoa -0.25: kundi la juu hakuna aliyepata, kundi la chini watatu. Nilipotazama herufi, 11 kati ya 12 wa juu walikuwa wamechagua C, "Nyuzi zimekatika." Wao walikuwa sahihi. Mimi ndimi niliyeandika B kwenye safu ya 40. Baada ya kurekebisha, 11 wa juu na 4 wa chini wakawa wamepata: 0.58, swali zuri kabisa.

Lakini usiishie hapo. Jumla za alama zimebadilika, kwa hiyo panga wanafunzi tena. Kwangu watatu walihama kundi. Ukiendelea na mpangilio wa zamani, kosa la swali moja linachafua hesabu za mengine yote.

Hatua ya 5: Swali ambalo wanaojua wamegawanyika. Swali la 7 liliagiza kukanusha "Ningekuwa na pesa, ningenunua kitabu." Jibu langu lilikuwa A, "Nisingekuwa na pesa, nisingenunua kitabu." B ilikuwa "Singekuwa na pesa, singenunua kitabu." Kundi la juu: A wanne, B saba, C mmoja. Kundi la chini: A watano, B watatu, C wawili, D wawili. Nguvu yake -0.08.

Hapa mwongozo haukuwa na kosa la kuandika. Niliwaita watoto watatu waliochagua B nikawauliza kwa nini. Mmoja akasema, "Zote mbili tumefunzwa, mimi nilichukua fupi." Alisema kweli: *nisinge-* na *singe-* zote zinakubalika. Nilikuwa nimeweka majibu mawili sahihi. Nilibadilisha B kuwa "Nisipokuwa na pesa, sitanunua kitabu." Swali lililorekebishwa ni swali jipya, kwa hiyo nililipeleka kwa watoto wengine 24. Kati ya wanane wa juu walipata 7, wa chini 3. Likabaki.

Hatua ya 6: Chunguza maswali ya mwisho kivyake. La 20 lilitoa 0.58 (9 wa juu, 2 wa chini), nikafurahi mapema. Kumbe wanane wa kundi la chini waliweka X. Hawakulifikia. Lilikuwa linapima kasi ya kusoma, na wanne tu waliojaribu hawatoshi kunieleza lolote. Nikaongeza dakika kumi, kutoka 30 hadi 40.

Swali la 3, la kukamilisha methali, walipata 35. Halitenganishi, lakini si bovu. Nimeliacha mwanzoni liwatulize.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, Kawangware: Mwalimu, mimi nitapata watoto 15 tu. Hesabu hizi zitanifaa?

*Jibu:* Nguvu ya kutenganisha iache, mwalimu mwenzangu. Hata kwangu mtoto mmoja akibadilisha jibu, namba inasogea kwa 0.08. Kwa 15, hesabu tu herufi za kila swali, uone kama wale watano wa juu wanakimbilia jibu usilolitarajia. Kisha keti na watatu au wanne, mmoja mmoja, wakueleze walivyofikiri.

Mwalimu, Umoja: Swali langu lina 0.17. Nilitupe?

*Jibu:* Usilitupe kwa namba hiyo pekee. Lisome kwa sauti, tazama waliochagua majibu yasiyo sahihi. Kama kuna jibu ambalo hakuna hata mmoja aliyelichagua, libadilishe kwa kosa ambalo watoto hulifanya kweli kwenye madaftari yao. Mara nyingi hapo ndipo penye udhaifu.

Mwalimu, Dagoretti: Kwa nini nisitumie darasa langu mwenyewe?

*Jibu:* Kwa sababu ndilo litakaloufanya mtihani huo baadaye, na maswali watayakumbuka. Tena karatasi zikusanye zote, uzihesabu kabla hawajatoka. Kwangu moja ilikosekana, tukaipata ndani ya daftari la hesabu.

Mwalimu, Kayole: Na maswali ya kujaza, yenye alama tano?

*Jibu:* Chukua wastani wa alama za kundi la juu, toa wastani wa kundi la chini, gawa kwa tano. Ila wawili msahihishe karatasi zilezile kila mmoja kivyake kwanza. Mkitofautiana sana, tatizo liko kwenye mwongozo wa kusahihisha, na namba ya swali haitakuwa na maana mpaka mkubaliane jibu gani linapewa alama ngapi.