Skripti ya shoti moja: kuandika filamu fupi isiyokatwa, kwa mfano wa noti moja Busia

Filamu ya shoti moja haina mhariri wa kuiokoa. Ukitaka mtazamaji aone kitu ambacho mhusika hakioni, huwezi kumchomekea picha ya pembeni. Kamera yenyewe lazima iende huko kwa miguu, na iwe na sababu ya kwenda. Kwa hiyo nikiandika skripti ya aina hii sianzi na mazungumzo. Naanza na swali moja: kamera inamfuata nani, na inamwacha lini? Pale inapomwacha mmoja na kumshika mwingine ndipo kazi ya mkato inapofanyika, na hapo ndipo mwandishi anapotakiwa kukaa muda mrefu zaidi.

Nitatumia hadithi moja ya dakika sita, iliyowekwa Busia upande wa Uganda. Mama Zaina anauza chapati barazani. Tanboi wa lori ananunua tatu kwa shilingi 3,000 na kutoa noti ya 50,000. Chenji haipo. Mama anamtuma mwanawe Swale, wa miaka kumi, kwa Mzee Musa mwenye duka. Mzee anaingia nayo nyuma ya duka, anaibadilisha na noti bandia, kisha anarudi na kumwambia mtoto: "Hii ni feki." Swale anairudisha ile bandia kwa mama yake bila kujua lolote. Sisi tunajua, kwa sababu kamera ilikwenda nyuma ya duka naye hakwenda.

Hatua ya kwanza: chagua kitu kinachosafiri

Hapa kinachosafiri ni noti. Shoti inaanza karibu kabisa na kidole gumba cha Mama Zaina chenye mafuta ya chapati, kikibonyeza noti na kuacha doa. Doa hilo lina kazi mbili. Linamzoesha mtazamaji kuitazama noti kabla ya kuzitazama sura, hivyo baadaye kamera ikimwacha mtoto na kuifuata noti hakuna atakayeshangaa. Pia ndilo litakalomfungua macho mama: noti aliyoirudishiwa ni safi.

Jambo la sheria nalo limo humu. Usichapishe noti bandia kwa ajili ya filamu, maana kunakili fedha ni kosa la jinai hata kama nia yako ni sanaa. Tumia noti mbili halali, moja yenye doa na nyingine isiyo nalo. Hadithi ikisimama juu ya doa, huhitaji kuonyesha bandia yoyote.

Hatua ya pili: chora njia, kisha itembee

Chukua karatasi, uchore mahali kutoka juu, uweke alama. A ni baraza la chapati. B ni njia inayopita mbele ya vibanda. C ni kaunta ya duka, na D ni stoo nyuma ya pazia. Kisha nenda ukaitembee njia hiyo na saa mkononi, kwa mwendo wa mhusika. Mpiga kamera anayerudi kinyumenyume ni mzito kuliko mtu anayetembea mbele, kwa hiyo mwendo wako wa kawaida utakudanganya.

Hesabu yangu ya hadithi hii ni kama ifuatavyo. Baraza mwanzoni, sekunde 70. Swale kwenda mbio, 25. Kaunta, 50. Stoo, 40. Kaunta tena, 20. Swale kurudi polepole, 45. Baraza tena, 80. Mama kwenda dukani, 30. Jumla ni sekunde 360. Usitegemee ile kanuni ya ukurasa mmoja kwa dakika moja, kwa sababu matembezi ya sekunde 45 yanaweza kuandikwa kwa mistari miwili. Filamu ya Victoria ya mwongozaji Sebastian Schipper, iliyotoka mwaka 2015, ina dakika 138 za shoti moja, na skripti yake ilikuwa na kurasa 12.

Sasa tazama hesabu hiyo: njia B inapitwa mara tatu. Katika filamu ya kawaida mhariri angezitoa safari mbili. Hapa huwezi, na mimi nisingetaka, kwa sababu njia ile ile inabeba maana tofauti kila mara. Safari ya kwanza kamera iko nyuma ya Swale, chini usawa wa bega lake. Tunagundua mtaa pamoja naye. Safari ya pili iko mbele yake, inarudi nyuma, tunautazama uso wake wenye wasiwasi huku tukijua asichokijua. Safari ya tatu iko ubavuni mwa mama, ambaye naye ameshajua. Andika nafasi hiyo ya kamera ndani ya skripti. Wako watakaokuambia ni kazi ya mwongozaji. Katika shoti moja hiyo ndiyo simulizi, na ukiiacha wazi umeacha nusu ya hadithi.

Jihadhari na sekunde tupu. Sekunde 45 za mtoto anayetembea ni ndefu sana zisipokuwa na kitu kinachosukuma. Hapa kinachosukuma ni honi ya lori ambalo hatulioni kamwe: dereva anamwita tanboi, na kila honi ni ndefu kuliko iliyotangulia. Honi haikugharimu lori, wala haikulazimu kugeuza kamera kuelekea barabara ya mpakani, ambako maofisa hawapendi kurekodiwa. Hata huku vibandani, pita kwanza kwa mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji au mtaa.

Hatua ya tatu: kila zamu ya kamera iwe na chanzo ndani ya picha

Hapa ndipo skripti nyingi za shoti moja zinapoharibika. Kamera inageuka kwa sababu mwandishi anataka tuone kitu, na mtazamaji anahisi mkono wa mwandishi. Pitia kila zamu ujiulize: nani au nini kimeivuta? Macho ya mhusika yanaweza kuivuta, au sauti, au mkono unaopokea kitu. Jibu likiwa "ili tuone stoo", andika upya.

Zamu nzito kuliko zote katika hadithi hii ni ya kutoka C kwenda D. Naiandika hivi:

*MZEE MUSA anaipokea noti, anaikunja mara moja, anaingia nyuma. Kamera iliyokuwa begani mwa SWALE inaliacha bega na kuifuata noti. Kichwa cha Swale kinatoka kwenye picha upande wa kushoto. Pazia linagusa kamera.*

*Stoo. Mwanga wa dirisha dogo. Mzee Musa anafungua kopo la maziwa ya unga na kutoa noti nyingine. Anazishika zote mbili kando kando, dirishani. Yenye doa inaingia koponi. Kifuniko kinabana: tak.*

*Honi, ndefu.*

*SWALE (hatumwoni): Mzee, lori linaondoka!*

*MZEE MUSA: Ngoja, mwanangu. Natafuta chenji.*

*Mkono wenye noti safi unatoka nje ya pazia. Kamera inautangulia kaunta na kumkuta Swale akichungulia juu ya vidole vya miguu.*

Hakuna neno "kata", wala kichwa kipya cha onyesho tulipoingia stoo, wala "wakati huo huo". Aya mpya inaanza pale kamera inapobadilisha anayefuatwa. Msomaji akipeleka jicho ukingoni mwa ukurasa anaona zamu zako zote.

Hatua ya nne: andika mwanga na upana wa mlango

Kutoka jua la mtaani kuingia stoo yenye giza, kamera inahitaji muda wa kuzoea. Simu ikiachwa ijipangie mwanga yenyewe, picha itaruka ghafla kutoka nyeusi hadi nyeupe, na hilo ni kama mkato mbaya. Mwandishi anaweza kusaidia. Weka baraza lenye kivuli kati ya jua na kaunta, mpe Swale la kusema hapo, na ipe stoo dirisha. Kurekodi jioni husaidia pia, maana tofauti ya nje na ndani hupungua. Lakini Busia jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, na giza la Ikweta halisubiri. Ukianza saa kumi na moja una nafasi ya marudio machache tu.

Pima mlango. Anayepita si kamera peke yake: ni mpiga kamera na mabega yake, na huenda mshika maikrofoni nyuma yake. Katika stoo ya mita tatu, kamera ikigeuka nyuzi 180 itamwona mwenzako. Kwa hiyo kamera inatoka kinyumenyume, ikiutangulia mkono wa mzee, na haigeuki ndani kabisa.

Hatua ya tano: acha mahali pa kupumulia

Hakuna marudio mawili yatakayolingana kwa sekunde. Mpe mwigizaji mmoja katika kila kituo kitendo anachoweza kukirefusha au kukifupisha bila mtu kuona. Mama Zaina anageuza chapati: Swale akichelewa, anageuza nyingine. Mzee Musa akihitaji muda, kifuniko cha kopo kinakuwa kigumu.

Waigizaji wa nyuma nao wasiongozwe na saa. Waongozwe na kitendo wanachokiona. Andika "Swale akigusa nguzo, boda inawaka", usiandike "sekunde ya 80 boda inawaka". Swale akikimbia haraka au polepole, boda itakuwa sahihi.

Hatua ya sita: jaribu bila sauti

Kabla hujampa mtu skripti, funika mistari ya mazungumzo kwa karatasi usome vitendo peke yake. Kisha itembee na simu katika ua wowote, marafiki wakiwa waigizaji, na viti vikiwa kaunta. Mwonyeshe video hiyo mtu asiyeijua hadithi, sauti ikiwa imezimwa, umuulize maswali mawili: noti yenye doa iko wapi sasa, na nani anajua?

Akijibu kwamba iko kwa mtoto, kosa liko stoo. Kishawishi cha kwanza kitakuwa kumwongezea Mzee Musa maneno. Usifanye hivyo. Mpe sekunde tatu zaidi za kuzishika noti mbili dirishani, doa likiangalia kamera, na uzitoe sekunde hizo kwenye mazungumzo ya baraza la mwanzo. Akijua noti iliko lakini asijue kwamba mama ameshagundua, basi noti safi haikukaa mkononi mwa mama vya kutosha: mwandike akiipitishia kidole gumba mahali palipokuwa na doa, kisha akitoa sufuria motoni kabla hajatoka.

Mwisho wenyewe uandike kama zamu nyingine yoyote. Mama anaingia dukani, kamera inabaki kwenye kizingiti. Ni mara ya kwanza inashindwa kumfuata mtu. Tunasikia kifuniko cha kopo kikibanduka. Weka sekunde tano za kamera kusimama baada ya sauti hiyo, na uziandike kwenye skripti, kwa sababu mpiga kamera aliyechoka atazima mapema.