Barua ya rufaa isibebwe na mama mkwe

Wauguzi wenzangu wa zahanati za visiwani, hesabuni saa kabla ya kuandika rufaa. Dada aliyebakwa Jumamosi saa nne usiku akifika kwenu Jumatatu saa mbili asubuhi, zimepita saa 34. Dawa za kuzuia VVU (PEP) zinaanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Mkiwa nazo, mpimeni VVU. Akiwa hana maambukizi, apewe dozi ya kwanza hapo hapo. Asisubiri kivuko cha kwenda Mwanza, wala PF3.

Amekuja na mama mkwe? Mwambie mzee kwa heshima, "Mama, utusubiri nje kidogo, ni utaratibu wetu wa vipimo." Mkibaki wawili, muulize kwa sauti ya chini: "Dada, nani ungependa ajue?" Usiulize kwa nini alikuwa mwaloni usiku, hapo ndipo wengi hunyamaza.

Barua ifunge kwenye bahasha, umkabidhi mwenyewe. Nje usiandike sababu. Namba ya simu nayo, uliza nani huipokea. Niliwahi kuona mume akipokea simu ya kukumbusha dawa. Yule dada hakurudi tena kliniki.