Kabla ya kuchimba shimo la kurudisha maji ya mvua ardhini, pima udongo

Kwa wenzangu wa Handeni ambao maji ya kisima yanazidi kwenda chini kila kiangazi: mahali mnapotaka shimo, chimbeni kwanza kitundu cha futi mbili, mkijaze maji, yakinywewa mjaze tena. Ya mara ya pili ndiyo ya kupima, maana udongo mkavu hunywa haraka na kudanganya. Yakishuka sentimita mbili au zaidi kwa saa, endeleeni. Yakituama, huo ni mfinyanzi. Mtafuga mbu tu, labda mchimbe hadi mlipite tabaka hilo mkute mchanga. Kinachoua mashimo mengi ni tope, linaloziba sakafu kimyakimya. Ndiyo maana juu ya shimo, kwenye korongo linaloleta maji, hupangwa kizuizi cha mawe cha kimo cha goti, katikati pakiwa chini kuliko pembeni ili mafuriko yasile kingo. Kasi ya maji hupungua, tope hutua nyuma ya mawe. Shimoni tandazeni kokoto, juu mchanga. Kila kiangazi paruzeni ule utando wa tope wa juu. Karibu na choo au zizi msichimbe kabisa, mtakunywa uchafu wenu.