Jinsi ya kuomba kuongezewa muda wa kazi ya tafsiri ndani ya Asana

Nimetoka kuomba muda wa ziada kwenye kazi ya kutafsiri mwongozo wa mashine, na ombi langu lilikaa kwenye maoni bila kujibiwa huku tarehe ikisogea. Sababu nilikuwa nazo za kutosha. Kilichokwamisha ni kwamba aliyeagiza kazi hakupata taarifa yoyote. Kwa hiyo naanzia hapo.

Fungua kazi yenyewe, si ukurasa wa mradi, uangalie chini kabisa palipoandikwa Collaborators. Maoni yako huwafikia walio kwenye orodha hiyo. Aliyefungua kazi kwenye mfumo huingizwa moja kwa moja, lakini mara nyingi huyo ni karani tu, na mwenye uamuzi wa tarehe ni mwingine kabisa. Andika @ kisha jina la mwenye uamuzi, ulichague kwenye orodha inayojitokeza mpaka ligeuke kiungo. Jina lililochapwa bila kuchaguliwa linabaki maandishi matupu na halimfikii mtu.

Kabla ya kuandika, piga hesabu ya tarehe mpya. Wengi hutaja siku inayosikika vizuri, halafu wanarudi kuomba tena, na ombi la pili ndilo linalomaliza imani. Chukua mfano huu. Mwongozo una maneno 12,000, unatakiwa Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025. Kufikia Jumatatu tarehe 10 jioni umemaliza maneno 5,000, ndipo mteja anapoleta faili jipya lililobadilisha maneno 1,500 kati ya hayo. Jumanne yote inaishia kulinganisha mafaili mawili. Yamebaki 7,000 na yale 1,500, jumla 8,500. Kama kwa siku unatafsiri 2,000 kwa uhakika, kuanzia Jumatano hadi Ijumaa utafikisha 6,000, Jumatatu tarehe 17 utafikisha 8,000, na Jumanne utamalizia 500 na kusoma upya kazi nzima. Tarehe ya kweli ni Jumanne tarehe 18. Ukiomba Jumatatu, unaomba siku ambayo tayari unajua haitoshi.

Tuseme mwenye uamuzi wa tarehe ni mratibu, Mswahili mwenzetu anayeishi Berlin. Maoni, yakitumwa Jumanne tarehe 11, yawe hivi:

«@jina la mratibu, habari za kazi, dada. Naomba tarehe ya mwisho isogezwe kutoka Ijumaa 14 Novemba hadi Jumanne 18 Novemba, 17:00 saa za Nairobi (15:00 Berlin). Faili jipya lililoletwa jana limebadilisha maneno 1,500 niliyokwisha kutafsiri, hivyo yamebaki 8,500. Ijumaa nitakuletea sura zilizokamilika, takriban maneno 9,500, ili mhariri aanze. Naomba jibu kabla ya kesho mchana.»

Saa iandikwe kwa tarakimu za saa 24 na jina la mji. Ukiandika «saa 11 jioni», sisi tunaelewa 17:00, lakini mhariri asiyehesabu saa kwa Kiswahili atasubiri hadi 23:00, au atadhani ulikusudia asubuhi.

Sababu iwe moja, inayoweza kuthibitishwa ndani ya kazi hiyohiyo. Faili jipya lina tarehe yake pale juu, kila mtu analiona. Kama sababu ni ugonjwa au msiba, sema hivyo kwa sentensi moja na uishie hapo. Maoni hayo husomwa na kila aliye kwenye mradi, pengine hata mteja aliyealikwa kama mgeni, na cheti cha hospitali hakina haja ya kubandikwa mbele yao. Mratibu akikitaka, mtumie kwa faragha.

Usiguse Due date kabla ya kujibiwa. Mfumo unaweza kukuruhusu kuibadilisha, na hapo ndipo watu hujikwaa: tarehe ikibadilika, kazi haionekani tena kuwa inachelewa, na mratibu anaona umejikatia muda mwenyewe. Mpaka akubali, tarehe 14 ndiyo tarehe, na uendelee kufanya kazi kwa mwendo huo.

Kimya kikizidi muda uliotaja, nakili kiungo cha kazi umtumie kwa barua pepe pamoja na sentensi ya kwanza ya ombi lako. Jibu likija kwa simu, rudi kwenye maoni uandike: «Tumekubaliana kwa simu leo: Jumanne 18 Novemba, 17:00 Nairobi.» Siku ya malipo, hayo ndiyo yatakayoonyesha kwamba hukuchelewa.

Baada ya kukubaliwa, badilisha Due date, kisha fungua kazi ndogo zilizo chini yake moja baada ya nyingine. Hizo hubaki na tarehe zake za zamani, na mhariri anayefuata kazi yake ndogo ataendelea kukudai Ijumaa.

Mratibu akikataa, muulize ni sura zipi mteja anazihitaji kwanza, na umwambie papo hapo ni maneno mangapi yatafutiwe mtu mwingine. Kwenye mfano wetu ni 2,500.