Kodi ya Tabata imepitisha siku? Mstari mzima uwe mwekundu wenyewe

Kama una vyumba vya kupangisha Tabata au Mbagala na mwenyewe uko Toronto, halafu shemeji ndo anakusanya kodi Dar na kujaza kwenye Google Sheets, hamna haja ya kukagua tarehe moja moja, fomula moja tu inakuonyesha nani anadaiwa.

Tuseme A ni chumba, B jina, C kiasi, D siku ya mwisho ya kulipa, E siku aliyolipa. Kwenye kompyuta chagua A2 mpaka E60, vichwa viache, nenda Format, kisha Conditional formatting, pale Format cells if shuka mpaka Custom formula is, ubandike hii:

```
=AND($D2<>"",$D2<TODAY(),$E2="")
```

Chagua wekundu uliopauka ili maandishi yasomeke, bonyeza Done. Chumba namba 3 mwisho wake ni 5/3/2026 na E iko tupu: tarehe 5 mstari bado mweupe, tarehe 6 unageuka mwekundu, shemeji akijaza siku ya malipo unarudi mweupe hapohapo.

Kazi yote iko kwenye alama ya dola. Ikikaa kabla ya D, kila seli ya mstari inaangalia D ileile, ndo maana rangi inaenda mstari mzima. Ukiitoa, seli ya B itaangalia E, ya C itaangalia F, na rangi itadondoka ovyo. Ukiiweka na kabla ya 2 napo, jedwali zima litafuata deni la chumba cha kwanza. Na ukianza kuchagua A1 huku fomula inasema 2, rangi inapanda mstari mmoja juu, unampigia simu mtu aliyelipa zamani, aibu tupu. Kile kipande cha `$D2<>""` usikiache, maana seli tupu inahesabika sifuri, yaani tarehe ya zamani sana, kwa hiyo mistari mitupu yote ingewaka.

Sasa, mdaiwa asipowaka, angalia tarehe yake. Faili likiwa na mpangilio wa Marekani, 5/3 linasoma Mei 3, miezi miwili linakaa kimya, na 13/3 linaiacha kama maandishi tu, utaiona imeegemea kushoto. Nenda File, Settings, weka Locale ya United Kingdom, halafu tarehe zilizokosewa ziandikwe upya kwa sababu zile hazijirekebishi. Hapohapo weka na Time zone ya GMT+03:00, si unajua jioni ya Toronto Dar kumeshaingia siku nyingine.

Shemeji naye mwambie asiandike "bado" wala kistari kwenye E. Kwa fomula hii chochote kilichoandikwa pale ni kwamba kashalipa.